Kurasa 529 Katika Ukurasa Mmoja

Tarehe 15 Oktoba 2008, tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki iliikabidhi serikali ya Kenya ripoti yake kuhusu vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Ilikuwa na kurasa 529. Katika siku chache, karibu kila mtu aliyefuatilia habari alikuwa na la kusema juu yake, ingawa walioifungua na kuisoma mpaka mwisho walikuwa wachache. Walichokijua wengi ni kwamba kuna bahasha, na ndani ya bahasha mna majina.

Huo nao ulikuwa muhtasari, tena mfupi kuliko wote: ripoti nzima ikawa bahasha. Kilichopotea ni sababu ya bahasha kuwapo, ushahidi uliokusanywa, na mapendekezo mengine ambayo hayakuhusu majina ya mtu yeyote. Ripoti ndefu isipofupishwa na mtu aliyeisoma, hufupishwa na uvumi.

Kwa hiyo wanaofanya kazi ya kuwaandalia wabunge, wakurugenzi, wafadhili au kamati za vijiji muhtasari wa ripoti hupenda jedwali la ukurasa mmoja lenye safu tatu: kilichobainika, ushahidi, na hatua inayopendekezwa. Aya za kawaida zina njia nyingi za kuficha udhaifu wa hoja, kwa sababu sentensi nzuri huweza kuunganisha mambo mawili yasiyohusiana. Jedwali halina huruma hiyo. Ukiandika kilichobainika na kisanduku cha ushahidi kikabaki kitupu, kila mtu anaona. Tuichukue Ripoti ya Waki tuone kazi hii inavyofanyika hatua kwa hatua.

Anza mwishoni

Anayefupisha ripoti kwa mara ya kwanza huanza ukurasa wa kwanza akiwa na kalamu ya kupigia mstari. Akifika ukurasa wa sitini amepigia mistari nusu ya kila kitu, na bado hajui lipi ni zito. Njia ya uhakika zaidi ni kuanza na mapendekezo na kurudi nyuma.

Sababu yake ni hii. Ripoti ya tume husimulia mengi: historia, masimulizi ya mkoa kwa mkoa, maneno ya mashahidi, sheria, lawama. Lakini waandishi wake wanapofika kwenye mapendekezo hulazimika kuchagua. Pendekezo ndilo linaloonyesha jambo gani waliliona zito kiasi cha kutaka lifanyiwe kazi. Kwa hiyo nakili kila pendekezo kwenye karatasi, ulipe namba, na uandike ukurasa lilikotoka. Usitosheke na sura ya mwisho. Katika Ripoti ya Waki, mahakama maalumu imo mwishoni, lakini mapendekezo kuhusu polisi na kuhusu ukatili wa kingono yamo ndani ya sura zinazozungumzia mambo hayo.

Ukishakuwa na orodha, uliza kila pendekezo swali moja: ni jambo gani lililobainika ndilo lililolizaa? Kisha lihoji lile jambo: tume ililijuaje? Kwa njia hiyo unaifuata ripoti kinyumenyume, kutoka hatua mpaka ushahidi, na mistari ya jedwali inaanza kujitokeza yenyewe. Mapendekezo matano yanayotokana na jambo moja huingia mstari mmoja. Pendekezo usiloweza kulipatia chanzo liweke kando, ulitafute tena, na usipolipata useme hivyo kwa atakayelisoma jedwali. Hilo ni jambo la kujua kuhusu ripoti yenyewe.

Ukurasa mmoja wa A4 hubeba mistari mitano hadi saba kwa herufi zinazosomeka. Ukizidisha, herufi zitapungua ukubwa na msomaji atarudi kwenye uvumi. Hapa tuchukue minne, ambayo inatosha kuonyesha kazi. Katika jedwali halisi kila kisanduku cha ushahidi huisha kwa namba ya ukurasa; hapa nimeziondoa ili safu zisomeke kwa urahisi.

| Kilichobainika | Ushahidi | Hatua inayopendekezwa |
|---|---|---|
| Vurugu za uchaguzi zimejirudia kwa kuwa waliozichochea hawakuadhibiwa. | Vurugu za 1992 na 1997. Mapendekezo ya uchunguzi uliotangulia hayakutekelezwa. | Pande mbili za serikali zitie saini makubaliano ya mahakama maalumu ndani ya siku 60. Sheria yake ianze kazi ndani ya siku 45 zaidi. La sivyo, majina yapelekwe Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC). |
| Polisi walitumia nguvu kupita kiasi katika baadhi ya maeneo. | Vifo 405 kati ya 1,133 vilitokana na risasi (asilimia 35.7), maelezo ya mashahidi. | Serikali na Bunge waunde chombo huru cha kupokea malalamiko dhidi ya polisi. |
| Vyombo vya usalama vilionywa mapema lakini havikujiandaa wala kushirikiana vya kutosha. | Maelezo ya maofisa wa ujasusi na wa polisi mbele ya tume. | Polisi wa utawala waunganishwe na polisi wa kawaida. |
| Waathiriwa wengi wa ukatili wa kingono hawakutoa taarifa, wengine kwa kutowaamini polisi. | Ushahidi wa waathiriwa. Kumbukumbu za hospitali. | Hospitali za umma ziwe na vituo vya kuwahudumia waathiriwa. |

Safu ya katikati ndiyo ngumu

Mistari hiyo inaonekana rahisi, lakini safu ya ushahidi ndiyo inayokula muda. Kosa la kawaida ni kurudia kilichobainika kwa maneno mengine. Mtu ataandika upande wa kushoto kwamba polisi walitumia nguvu kupita kiasi, na upande wa ushahidi aandike kwamba tume iligundua matumizi makubwa ya nguvu. Hapo hakuna ushahidi. Kisanduku hicho kinatakiwa kitaje kitu ambacho mtu mwingine anaweza kwenda kukitazama: hesabu, hati, kumbukumbu ya hospitali, au maelezo ya shahidi.

Takwimu zina mitego yake. Ripoti inataja vifo 1,133, na kati ya hivyo 405 vilitokana na risasi. Anayefupisha kwa haraka ataandika kwamba polisi waliua watu 405. Sentensi hiyo ni fupi na inavutia, lakini siyo iliyohesabiwa. Kumbukumbu ya hospitali inaeleza kilichomuua marehemu, haielezi ni nani aliyefyatua risasi. Ripoti inaulaumu utendaji wa polisi, na ina ushahidi mwingine wa kufanya hivyo, lakini takwimu ile peke yake inahesabu namna ya kifo. Ndiyo maana kwenye jedwali imewekwa pamoja na maelezo ya mashahidi. Namba inaonyesha ukubwa wa jambo, na mashahidi wanalihusisha na polisi.

Angalia pia kwamba 405 haikuachwa peke yake. Sehemu bila jumla humwacha msomaji akikisia. Anayeambiwa 405 tu anaweza kufikiri ndio waliokufa wote. Anayeambiwa asilimia 35.7 tu hajui kama ni watu kumi au elfu kumi. Vikikaa pamoja, vinachukua nusu ya mstari na swali linaisha.

Mtego wa pili ni mgumu zaidi kuuona. Ripoti inagawa vifo hivyo kwa mikoa: Bonde la Ufa 744, Nyanza 134, Nairobi 125, Magharibi 98, Pwani 27 na Kati 5. Ukizijumlisha unapata 1,133, na kujumlisha hivyo ni ukaguzi mzuri wa kufanya kabla ya kutumia hesabu yoyote ya mafungu. Sasa, tuseme unataka kuandika mstari kuhusu vurugu zilizopangwa, na unatafuta ushahidi. Ile 744 ya Bonde la Ufa inakuita. Ni kubwa, inashtua, na tume ilizungumza sana juu ya mkoa huo.

Kabla ya kuiweka, jiulize: je, namba hii ingeweza kuwa ileile hata kama jambo ninalolidai si kweli? Watu 744 wangeweza kufa katika vurugu zilizopangwa, na wangeweza kufa katika vurugu zilizolipuka zenyewe. Wingi wa vifo hautofautishi moja na jingine. Ushahidi wa mpango ni mambo ya aina nyingine: mikutano iliyofanyika kabla, fedha zilizotolewa, watu waliosafirishwa, shabaha zilizochaguliwa. Kwa mstari huo, maneno ya mashahidi yana uzito kuliko takwimu kubwa kuliko zote ndani ya ripoti. Namba isiyofaulu swali hilo ihamishe mstari unaoihusu, au iache.

Maneno madogo yanayobeba uzito

Anayefupisha hupenda kukata maneno kama “katika baadhi ya maeneo”, “inadaiwa” na “inaelekea”, kwa kuwa yanaonekana kama mapambo. Ndani ya ripoti ya uchunguzi hayo ndiyo yanayosema ukweli umefika wapi. Tume ya Waki haikusema kwamba vurugu zilipangwa, basi. Ilisema kuwa mahali pengine zililipuka kwa hasira ya matokeo, na mahali pengine kulikuwa na mpango ulioshirikisha wanasiasa na wafanyabiashara. Ukiandika “vurugu zilipangwa” umepata maneno mawili na umepoteza nusu ya kilichobainika. Ukiandika “vurugu zilizuka ghafla” umepoteza nusu ya pili. Katika Kenya ya mwaka 2008, kila nusu ilikuwa na watu walioitaka.

Jambo hilohilo linaeleza ile bahasha. Tume iliona kwamba ushahidi iliokuwa nao dhidi ya watu mmoja mmoja haukufikia kiwango kinachotakiwa katika kesi ya jinai, yaani kuthibitisha pasipo shaka ya msingi. Kwa hiyo haikuyachapisha majina. Iliyafunga, ili wenye mamlaka ya kuchunguza zaidi wayachukue kutoka hapo. Muhtasari unaosema “tume iliwataja wahalifu” umepandisha washukiwa mpaka hatia kwa neno moja. Hatari hii iko katika ripoti yoyote, hata ya ukaguzi wa fedha za shule: “matumizi yasiyo na stakabadhi” hayawi “fedha zilizoibwa” kwa sababu kisanduku ni kidogo.

Kanuni inayosaidia ni kunakili kitenzi cha ripoti kama kilivyo. Kama ripoti imesema “ilishuhudiwa”, usiandike “ilithibitishwa”. Kama imesema “tuliambiwa”, usiandike “tuligundua”. Unaweza kukata vivumishi, mifano na marudio yote, lakini kitenzi kikae.

Hatua yenye mtu, tarehe na “la sivyo”

Safu ya tatu ndiyo inayoitofautisha ripoti hii na nyingi zilizoitangulia. Kenya ilikuwa imewahi kuunda tume kuhusu mapigano ya kikabila, ile ya Jaji Akiwumi. Ilimaliza kazi mwaka 1999, na ripoti yake ilichapishwa mwaka 2002. Wajumbe wa tume ya Waki walijua hatari ya kuandika ripoti nzuri inayolala kabatini, na pendekezo lao kuu liliandikwa kwa kuikwepa hatari hiyo.

Soma tena kisanduku chake katika jedwali. Kina kitendo kinachoonekana: kutia saini. Kina wahusika: pande mbili zilizoingia mkataba wa amani. Kina muda: siku 60 tangu ripoti ifike kwa Jopo la Watu Mashuhuri wa Afrika lililoongozwa na Kofi Annan, kisha siku nyingine 45 kwa ajili ya sheria. Na kina kitu ambacho mapendekezo mengi hayana, yaani kitakachotokea kama hakuna atakayefanya lolote: orodha ya majina ipelekwe kwa mwendesha mashtaka wa ICC. Wasiotaka kutenda hawakuachiwa nafasi ya kukaa tu.

Muda ule uliwabana kweli. Rais Mwai Kibaki na Waziri Mkuu Raila Odinga walitia saini makubaliano tarehe 16 Desemba 2008. Tarehe 12 Februari 2009 muswada wa kubadili katiba ili kuilinda mahakama hiyo ulishindwa kupata theluthi mbili bungeni. Baada ya muda kuongezwa bila mafanikio, Annan aliipeleka bahasha ICC mwezi Julai 2009. Unaweza kuyakubali au kuyapinga matokeo yake, lakini pendekezo lilikwenda kama lilivyoandikwa.

Anayetengeneza jedwali hufanya kosa la kuikata sehemu hiyo hasa. Huandika: “Kuunda mahakama maalumu.” Maneno matatu, na kila kilicholipa pendekezo nguvu kimetoka. Ikiwa ni lazima ukate, kata maelezo ya mamlaka na muundo wa mahakama, ambayo msomaji atayapata ndani ya ripoti, na ubakize mtendaji, muda na “la sivyo”.

Ripoti nyingi hazina bahati hiyo. Utakuta “kuimarisha ushirikiano”, “kuongeza uelewa”, “kuboresha utendaji”, bila mtu na bila tarehe. Hapo anayefupisha hushawishika kusaidia: anaandika wizara fulani, anaweka miezi sita. Usifanye hivyo kimyakimya. Jedwali linasomwa kama sauti ya ripoti, na tarehe uliyoitunga wewe itanukuliwa kesho kama tarehe ya tume. Andika “ripoti haikutaja mhusika” ndani ya kisanduku, na kama umeombwa ushauri, uweke chini ya jedwali pakisomeka wazi kuwa ni maoni ya mwandaaji. Pengo likionekana, mkutano utaanza kwa kuuliza nani abebe jambo hilo.

Kulikagua kabla ya kulitoa

Jedwali likikamilika, lifanyie ukaguzi wa aina mbili. Wa kwanza ni wa kurudi: chukua kila kisanduku, fungua ukurasa ulioutaja, na usome aya nzima, siyo sentensi uliyoinukuu tu. Mara kwa mara sentensi inayofuata ndiyo yenye “hata hivyo”. Afadhali kazi hii ifanywe na mtu mwingine, kwa sababu aliyeandika husoma anachokumbuka badala ya kilichopo.

Wa pili ni wa kwenda: mpe jedwali mtu ambaye hajaiona ripoti, aseme kwa maneno yake kila mstari unadai nini na nani anatakiwa kufanya nini. Akisema “polisi waliua watu 405”, tatizo ni la kisanduku chako, siyo lake. Akikuuliza “kwa nini hospitali?”, basi kilichobainika na hatua haviko kwenye mstari mmoja wa hoja, na umeruka kiungo. Katika mstari wetu wa nne kiungo hicho ni kutowaamini polisi: mtu asiyeenda kituoni bado huenda hospitali, kwa hiyo huduma ifuate huko. Ukilitoa neno “kutowaamini”, pendekezo linaonekana limeanguka kutoka juu.

Kuna vitu ambavyo jedwali haliwezi kubeba hata likaguliwe vipi. Ripoti ya Waki ina masimulizi ya watu waliopoteza ndugu, nyumba na utu wao, na hayaingii kwenye kisanduku. Pia mambo yaliyolishana kwa miaka mingi, kama ardhi, vijana wasio na kazi na madaraka makubwa ya urais, hugawanywa na mistari kana kwamba kila moja liliishi peke yake. Ndiyo sababu ya namba za kurasa: zinamwonyesha msomaji pa kwenda anapotaka uzito kamili.

Lakini jedwali lina faida moja ambayo ripoti yenyewe haina. Miaka ikipita, unaweza kuliongezea safu ya nne ya “hali” na kulijaza. Kwa Ripoti ya Waki ingesomeka hivi. Mahakama maalumu haikuundwa, na kesi zilizofunguliwa ICC zilikuwa zimefungwa kufikia 2016 bila mshtakiwa kutiwa hatiani kwa vurugu zile. Chombo huru cha kuwasimamia polisi, IPOA, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Katiba ya 2010 iliwaweka polisi wa kawaida na wa utawala chini ya Inspekta Jenerali mmoja, ingawa ni vikosi viwili bado. Na sheria ya upatikanaji wa habari, ambayo ripoti ilitaka ipitishwe mara moja, ilipatikana mwaka 2016.

Anayeijua ripoti hii kwa jina la bahasha tu atasema ilishindwa au ilifaulu kulingana na yaliyotokea ICC. Anayelisoma jedwali lililojazwa hali ataona mapendekezo yaliyopita njia tofauti: moja lilitekelezwa kwa sehemu yake ya “la sivyo”, jingine kupitia katiba mpya, jingine baada ya miaka minane. Kwa hiyo chini ya jedwali lako andika tarehe uliyoliandaa na toleo la ripoti ulilotumia, ili atakayekuja kuijaza safu hiyo ajue anaendelea kutoka wapi.